Bosi Hatoi Hela? Muombe Saa 18

"Mwaka huu hatuna bajeti ya masomo." Wengi wetu tumeshaambiwa hivyo kazini. Unatabasamu, unasema ahsante, unarudi mezani kwako, na ile kozi unaisogeza mpaka mwakani. Mwakani jibu ni lile lile.

Leo nataka tuzungumze juu ya kinachowezekana baada ya jibu hilo. Ninachosema ni kimoja tu: mtu mwenye kazi, nyumba na watoto mara nyingi anakwama kwa saa kabla hajakwama kwa pesa. Na saa unaweza kuzihesabu. Ukizihesabu vizuri utajua umepungukiwa ngapi, na hizo zilizopungua ndizo za kumpelekea bosi.

Nitatumia mfano wa binamu yangu, kwa ruhusa yake. Ana miaka 34, anaishi Coventry na mumewe, watoto wawili na mama yake mzazi. Anafanya kazi ya uhasibu kwenye kampuni ya malori mjini Birmingham, kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 300. Hesabu za kila mwezi anaziandaa yeye, miaka minane sasa. Lakini nafasi inayofuata juu yake inataka mtu mwenye ACCA au anayekaribia kuimaliza, na kampuni ilikataa kulipa.

Kwa wasioijua, ACCA ni sifa ya uhasibu yenye mitihani 13 kwa ngazi tatu. Mwenye digrii inayohusiana husamehewa baadhi. Ili kufaulu unahitaji alama 50 kwa 100. Mitihani mingi inafanyika mara nne kwa mwaka: Machi, Juni, Septemba na Desemba. ACCA imetangaza mpangilio mpya kuanzia 2027, kwa hiyo ukianza sasa hakikisha unasoma mtaala wa mwaka wako. Binamu yangu zamu hii alikuwa anakabili mtihani unaoitwa FR, yaani utayarishaji wa taarifa za fedha za kampuni, na aliulenga mwezi wa Juni.

Tuanze na pesa, kwa sababu ni rahisi kuliko tunavyodhani. Anayejilipia si lazima aingie darasa la bei. ACCA yenyewe inawapa wanafunzi wake vitabu vya bure mtandaoni kwenye Study Hub, na ina mahali pa kujaribia mitihani iliyopita kwenye programu ile ile utakayoikuta siku yenyewe. OpenTuition nao wana video na maelezo bila malipo. Kinachobaki ni ada ya uanachama kila Januari na ada ya mtihani. Ada ya mtihani ni ndogo ukijiandikisha mapema, na inapanda sana ukichelewa. Mtu anayesoma somo moja tu kwa awamu anaweza kuigawa ada hiyo kwa miezi mitatu akaiweka kando kama anavyoweka ya umeme.

Kwa hiyo tatizo lake halikuwa hapo. Tatizo lilikuwa wiki.

Sasa njoo kwenye sehemu ninayoipenda. Watu wengi hupanga masomo kwa kusema "nitasoma saa mbili kila usiku". Huo si mpango, ni dua. Saa mbili kamili za usiku kwenye nyumba yenye watoto wawili na bibi hazipo. Binamu yangu alianzia upande wa pili: aliutazama mtihani umekatwakatwa vipi, kisha akatafuta kwenye wiki yake nafasi zenye ukubwa ule.

Mtihani wa FR ni saa 3, yaani dakika 180, kwa alama 100. Kila alama ina dakika 1.8. Sehemu A ina maswali 15 mafupi ya alama mbili mbili. Sehemu B ina visa vitatu. Kila kisa kina maswali matano na alama 10. Sehemu C ina maswali mawili marefu ya alama 20 kila moja. Piga hesabu: kisa kimoja cha Sehemu B ni dakika 18. Swali moja refu la Sehemu C ni dakika 36.

Dakika 18 ni nini? Ni treni ya Coventry kwenda Birmingham, ambayo ni dakika ishirini na kitu, ukiondoa muda wa kutafuta kiti. Dakika 36 ni nini? Ni saa ya chakula cha mchana ukiwa umebeba chakula chako kutoka nyumbani na umepata chumba cha mikutano kisicho na mtu.

Basi akagawa hivi. Anaenda ofisini siku nne kwa wiki, kwa hiyo ana safari nane za treni, na kila safari kisa kimoja: dakika 144. Siku mbili za wiki anatumia mchana kwa swali moja refu, dakika 36 kwa saa, na saa ikilia anaacha hata kama yuko katikati ya mstari: dakika 72. Jumanne na Alhamisi, watoto wakishalala, kuanzia saa mbili u nusu mpaka saa nne usiku, anasoma mada mpya na kusahihisha yale ya mchana: saa tatu kwa usiku wote wawili. Jumamosi watoto wakiwa madrasa, saa nne mpaka saa sita, anakaa maktaba ya jirani: saa mbili.

Jumlisha. Inakuja saa 8 na dakika 36 kwa wiki. Kwa wiki 12 ni saa 103 na dakika chache.

Je, zinatosha? Yeye alijiwekea lengo la saa 120 kwa somo hili. Si kanuni ya ACCA. Ni kipimo chake mwenyewe, kutokana na masomo aliyokwisha kufaulu. Wewe kwako linaweza kuwa 90 au 150, kutegemea kazi yako ya kila siku iko karibu kiasi gani na unachosoma. Cha muhimu ni kuwa na namba. Kwake pengo lilikuwa karibu saa 17.

Hapo ndipo wengi tunapoharibu. Tunajiambia pengo tutaliziba wikiendi. Lakini wikiendi zetu tunazijua. Kuna arusi Leicester, kuna khitma Slough, kuna shangazi amekuja kutoka Dar na mizigo minne na hakuna mwingine wa kwenda uwanja wa ndege. Pengo lisilo na mahali kwenye kalenda halizibiki. Linakuja kuonekana wiki ya mwisho, saa nane za usiku.

Saa 17 ndizo alizopeleka kazini. Aliomba Ijumaa moja baada ya nyingine atoke mapema na kupata saa tatu za kusoma. Kwa wiki 12 ni Ijumaa sita, saa 18. Na hakuomba kwa hisani. Aliomba kwa sheria.

Hapa Uingereza, Uskoti na Welisi kuna Sheria ya Haki za Ajira ya 1996, na ndani yake kifungu cha 63D, kilichoanza kutumika Aprili 2010. Kinasema hivi: kama mwajiri wako ana wafanyakazi 250 au zaidi, na umekuwa naye wiki 26 mfululizo, una haki ya kuomba muda wa kusoma au kupata mafunzo, mradi yatakufanya uifanye kazi yako vizuri zaidi na kuisaidia biashara. Unaweza kuomba mara moja kwa miezi 12. Mwajiri ana siku 28 za kukubali au kukuita mkutanoni. Akikuita, baada ya mkutano ana siku 14 za kukupa jibu kwa maandishi. Akikataa, wewe una siku 14 za kukata rufaa.

Tuwe wakweli kuhusu mipaka yake. Ni haki ya kuomba na kusikilizwa. Si haki ya kupewa. Mwajiri halazimiki kukulipa kwa saa hizo wala kulipia kozi. Anaweza kukataa kwa sababu zilizotajwa na sheria, kwa mfano kwamba mafunzo hayataboresha kazi yako, kwamba gharama zitaongezeka, au kwamba hakuna mtu wa kukushikia kazi. Lakini lazima achague sababu na aiandike. "Tutaona" haitoshi tena.

Kwa hiyo barua yenyewe ndiyo yenye uzito. Lazima itaje kuwa ni ombi chini ya kifungu cha 63D, iwe na tarehe, iseme unasoma nini, wapi na lini, nani anafundisha au kusimamia, na utapata sifa gani kama ipo. Halafu ile sehemu ngumu: iseme itaifaidi vipi biashara. Hapo usiandike "nitakuwa na ujuzi zaidi". Kila mtu anaandika hivyo.

Binamu yangu aliandika juu ya malori. Kampuni yake imekodi malori mengi kwa mikataba ya miaka kadhaa. Kampuni nyingi binafsi hapa zinaandika hesabu zao kwa kanuni iitwayo FRS 102, na kanuni hiyo imebadilishwa kwa miaka ya hesabu inayoanza 1 Januari 2026 au baadaye. Zamani kodi ya malori ya aina hiyo ilikuwa inaingia kama matumizi ya kila mwezi, basi. Sasa sehemu kubwa ya mikataba hiyo inatakiwa ionekane kwenye mizania: upande mmoja haki ya kutumia lori, upande mwingine deni la kodi iliyobaki. Na mtihani wa FR unafundisha hesabu hiyo hiyo, kwa kanuni ya kimataifa ya IFRS 16 ambayo mabadiliko haya yameifuata.

Aya yake moja niliisoma. Ilikuwa fupi: "Kampuni itahitaji mtu wa ndani anayeweza kuipitia mikataba yetu ya malori na kuihesabu kwa kanuni mpya. Mada hiyo nitaisoma kati ya wiki ya nne na ya sita. Ninaomba kutoka saa saba mchana kwa Ijumaa sita, tarehe zilizoambatanishwa. Hakuna hata moja inayoangukia wiki ya kufunga hesabu za mwezi."

Angalia sentensi ya mwisho. Ameshamjibu bosi kabla hajauliza "na nani atakushikia?" Bosi aliitisha mkutano, akauliza maswali mawili, akakubali. Saa zenyewe hazilipwi. Nusu yake anazirudisha kwa kuingia mapema Jumatatu.

Kisha, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, akauliza jambo la pili: "Nikifaulu, mtanirudishia ada ya mtihani?" Hilo ni swali tofauti na "nilipieni kozi", kwa sababu kampuni haibebi hatari yoyote. Na kuna jambo la kodi hapa. Mfanyakazi anayejilipia masomo kwa kawaida hapati nafuu yoyote ya kodi. Lakini mwajiri akilipa au kurudisha gharama ya mafunzo yanayohusu kazi, pesa hiyo haikatwi kodi. Kwa hiyo kurudishiwa ada kuna thamani kuliko nyongeza ya mshahara ya kiasi hicho hicho. Ukikubaliwa, pata kwa maandishi, na usome kama kuna sharti la kurudisha pesa ukiacha kazi ndani ya muda fulani.

Wewe unayefanya kazi mahali padogo, chini ya watu 250, kifungu cha 63D hakikuhusu. Lakini tangu Aprili 2024 mfanyakazi yeyote anaweza, tangu siku ya kwanza kazini, kuomba mpangilio tofauti wa saa za kazi, mara mbili kwa miezi 12, na mwajiri anatakiwa ajibu ndani ya miezi miwili. Unaweza kuomba saa zile zile zibanwe kwa siku chache, ili upate Ijumaa mchana. Walioko Muscat au Minnesota sheria zenu ni nyingine, lakini hesabu ya pengo ni ile ile.

Nyumbani nako kulikuwa na mkutano wake. Mama yake alimuuliza, "Mwanangu, si ulishamaliza chuo? Tulipika mpaka pilau." Nyinyi mnajua. Kwa wazazi wetu masomo yana mwisho, na mwisho wake ni ile picha ya joho ukutani. Tena ukisema "nasoma", wenzako wa nyumbani wanasikia "yupo nyumbani, hana kazi". Binamu yangu hakubishana. Alimwambia, "Mama, naomba Jumanne na Alhamisi, saa mbili u nusu mpaka saa nne. Siku nyingine zote ni zako." Akazibandika saa hizo kwenye jokofu. Mama akawa mlinzi wake. Mtu akipiga simu Alhamisi usiku, bibi ndiye anayepokea na kusema yuko darasani.

Sasa, mpango kama huu unaharibikaje? Njia kuu ni moja: kusoma bila kujibu. Ukiwa umechoka, kusoma kurasa ni rafiki na swali ni adui. Wiki zinakwenda, umepiga mistari ya rangi kitabu kizima, na unajiona unaelewa. Dalili yake ni hii: ukiona jibu unalitambua, lakini ukipewa swali na ukurasa mtupu hujui mstari wa kwanza uandike nini. Ndiyo maana vipande vyake vya treni na vya mchana vyote ni maswali, si kusoma. Wiki mbili za kwanza alipata alama 6 na 7 kwa 20. Haikumtisha, kwa sababu alizipata Machi na si Juni.

Dalili ya pili iko kwenye saa. Kama swali la dakika 36 linakuchukua 55, alama uliyopata si yako. Binamu yangu alikuwa anaandika alama mbili: aliyokuwa nayo saa ilipolia, na aliyofikia baada ya kumaliza kwa utulivu. Ya kwanza ikiwa 8 na ya pili 15, somo unalijua, ila mkono ni mzito. Unahitaji mazoezi ya kompyuta na kupanga majedwali. Zote mbili zikiwa 8, rudi kwenye kitabu. Ni tiba mbili tofauti kabisa, na bila namba mbili huwezi kuzitofautisha.

Na weka siku ya kuamua. Uandikishaji wa kawaida hufungwa wiki kadhaa kabla ya mtihani, na kabla ya kufungwa bado unaweza kujitoa na ada yako ikabaki kwenye akaunti yako ya ACCA. Baada ya hapo imekwenda. Itafute tarehe hiyo siku unayojiandikisha, na Jumamosi iliyo kabla yake fanya mtihani mzima wa saa 3. Yeye alijiwekea kanuni: akipata 40 au zaidi anaendelea, chini ya hapo anasogeza mpaka Septemba. Alipata 44, akaendelea. Lakini jihadhari na kusogeza kutoka Juni kwenda Septemba: mwaka wa mtaala wa mitihani hii hubadilika Septemba, kwa hiyo vitabu vya zamani lazima uvilinganishe na mtaala mpya kabla ya kuendelea navyo.

Wiki 12 hazikwenda kama zilivyoandikwa. Mtoto mmoja aliugua, treni zilifutwa siku mbili, Jumamosi moja ikaliwa na arusi. Mwisho alihesabu saa 109. Tazama kilichomwokoa: bila zile Ijumaa sita angebaki na 91. Alifaulu kwa alama 56, na ada ikarudishwa kwenye mshahara wa Agosti.

Kwa hiyo kabla hujaandika barua pepe nyingine ya kuomba kulipiwa, chukua karatasi. Andika mtihani au kozi yako inakatika vipande vya dakika ngapi. Tafuta vipande hivyo kwenye wiki yako kama ilivyo, na watoto na wageni ndani yake. Jumlisha, toa kwenye lengo lako, uone namba inayobaki. Bosi ambaye hana bajeti anaweza kukukatalia pauni elfu moja bila hata kuinua kichwa. Saa 18, zenye tarehe, zisizogusa wiki ya kufunga hesabu, itabidi akae chini azifikirie.

Tukutane wiki ijayo.